Usimshukuru Mushtarii kwa Nauli Aliyolipa Mwenyewe

Ukipewa kipaza sauti kwenye bethdei ya mtu anayetimiza miaka 40, kuna sentensi moja naomba uimeze: "Wewe unapenda safari kwa sababu Mushtarii yako iko kwa Mshale." Najua inapendeza. Najua watu watapiga makofi na mwenyewe atacheka. Lakini kama huyo mtu ametoka Kiunga, utakuwa umechukua kazi yake ya miaka 40 ukaipa sayari.

Sisemi uache nyota nje ya hotuba. Mimi mwenyewe nimezitia. Jumamosi ya tarehe 28 Oktoba 2023 nilisimama mbele ya watu kama 30 pale Kiunga, glasi ya juisi ya ukwaju mkononi, nikamwinulia dadangu mmoja ambaye ni rafiki yangu kuliko ndugu zangu wengi. Yeye alikuwa na 40, mimi 26. Apu ya nyota imo kwenye simu yake kama ilivyo kwenye yako, na neno "Mushtarii kwa Mshale" analisema kama wengine wanavyotaja timu yao. Kwa hivyo kutoitaja kungekuwa ajabu. Swali ni unaipa kazi gani.

Maoni yangu ni haya: mpe Mushtarii kazi ya kuhesabu, usimpe kazi ya kusababisha. Nitaeleza kwa nini, halafu nitawaandikia hotuba yenyewe mwone inakaaje.

Kwanza tuelewane tunaongea nini, manake watu wengi huchanganya. Ukisema "nyota yangu Mshale" unamaanisha jua lilikuwa kwenye buruji hiyo siku uliyozaliwa, yaani kuanzia kama Novemba 22 hadi Desemba 21. Hiyo ndiyo nyota ya magazetini, ile aliyotuzoeza marehemu Sheikh Yahya Hussein kule Dar. Mushtarii kwa Mshale ni kitu kingine. Hapo tunauliza ile sayari kubwa kuliko zote ilikuwa wapi ulipozaliwa, hata kama jua lako liko kwa Kaa au Samaki. Wazee wa falaki huku kwetu huiita buruji hiyo Kausi, yaani upinde. Wanajimu wanasema Mushtarii ni sayari ya kupanuka, ya elimu na safari za mbali, na kwamba Mshale ni nyumba yake mwenyewe. Kwa hivyo ikiwa humo wanasema iko nyumbani, imekaa raha, na mtu wake hatulii mahali pamoja.

Sasa hapa kuna jambo ambalo watu wa miji mikubwa hawalijui. Mushtarii ni sehemu ya chati ambayo mtu wa Kiunga wa umri ule anaweza kuiamini.

Apu ikikuomba saa ya kuzaliwa, wewe uliyezaliwa hospitalini Nairobi unampigia mama, anatazama kadi, unajaza. Dadangu alizaliwa nyumbani, mkononi mwa mkunga. Mamake hakuwa na saa. Anachokumbuka ni msimu: kusi lilikuwa limeanza kulegea, na waliokuwa wameanika vyombo pwani walianza kuvirudisha majini. Tarehe iliyo kwenye kitambulisho iliandikwa baadaye na mtu wa ofisini aliyetaka kujaza nafasi. Sasa ile inayoitwa nyota ya kuchomoza, inayobadilika kila baada ya saa mbili hivi, kwake ni bahati nasibu. Akiacha apu ijaze saa sita mchana, inampa jibu zuri lenye rangi, na jibu lenyewe halina msingi. Mwezi nao hukaa buruji moja siku mbili na nusu tu, kwa hivyo nao umepotea. Hata jua ni shida: mwisho wa kusi unaweza kuwa Mashuke, Mizani, au hata Nge.

Lakini Mushtarii hutembea polepole. Inakaa karibu mwaka mzima kwenye buruji moja. Iliingia Mshale mwisho wa Desemba 1982, ikatoka Januari 1984. Mwaka wa 1983 wote, kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, ilikuwa humo. Huhitaji saa wala tarehe. Ukiwa una uhakika na mwaka, umemaliza. Kwa mtu ambaye karatasi zake zote ni za makisio, kuna raha fulani kuwa na kitu kimoja juu ya kuzaliwa kwake ambacho hakuna karani anayeweza kukikosea.

Basi raha hiyo hiyo ndiyo inayoharibu ile sentensi ya mwanzo. Kama mwaka mzima wa 1983 ni Mushtarii kwa Mshale, basi darasa lake zima lilikuwa hivyo. Wale wasichana waliokaa naye jamvi moja chuoni, wote. Vijana waliovua kamba naye kwenye mikoko, wote. Na wengi wao hawajapita Lamu. Kuna mmoja, rafiki yake wa kufa kuzikana, safari yake ndefu maishani ni kwenda Faza kwenye harusi. Sasa ukisema mbele yake kwamba Mushtarii kwa Mshale humpeleka mtu mbali, unamwambia nini yeye aliyekaa? Kwamba nyota yake ilikuwa mbovu? Au hakuisikia ikimwita?

Jibu la kweli wanalijua wote waliokuwa pale. Kutoka Kiunga hakujawahi kuwa suala la hamu. Hamu wanayo watu wote. Sisi tuko ncha ya kaskazini ya pwani ya Kenya, Somalia iko hapo tu mkono ukinyoosha. Barabara ya kwenda Lamu inapita msitu wa Boni, na tangu 2015 operesheni ya usalama imekuwa ndani ya msitu ule na mabomu ya kutegwa yameua watu kwenye njia zake. Kwa hivyo tunategemea bahari, na bahari ina masharti yake. Kusi likivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba, boti ndogo haiendi wakati inapotaka. Unapita Kiwayuu, unapita kisiwa cha Pate, na ukifika Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, lazima maji yawe yamejaa. Ukichelewa, unakaa kwenye tope unangoja mwezi ufanye kazi yake. Kwa hiyo mtu wa Kiunga akikuambia amesafiri, ujue ametafuta pesa, amesubiri upepo na amepiga hesabu ya maji. Hapo sijagusa karatasi.

Ndiyo maana nasema Mushtarii ihesabu. Na kwa kuhesabu ni fundi. Inazunguka jua mara moja kwa miaka 11 na miezi kama 10, kwa hivyo kila miaka 12 hivi inarudi ilipokuwa ulipozaliwa. Kwa aliyezaliwa 1983 inarudi 1995, kisha 2007, kisha 2019. Hiyo ni miaka yake ya 12, 24 na 36. Ukitaka kutengeneza hotuba, chukua hiyo miaka mitatu, umuulize yeye au ndugu zake: mwaka huo ulikuwa wapi? Usiulize nyota ilifanya nini. Uliza alifanya nini yeye. Ni kama vile bibi anavyohesabu kwa misimu, "mwaka ule wa mvua kubwa", isipokuwa hapa kipimo kiko angani na kila mtu anaweza kukisoma.

Kuna kosa moja la kuliangalia. Wengi husikia "40" wakadhani Mushtarii imerudi tena, wanasema "nyota yako imerejea nyumbani usiku huu". Haijarudi. Miaka 40 ni mizunguko mitatu na theluthi. Oktoba 2023 Mushtarii ilikuwa kwa Ng'ombe kwa hesabu ya wanajimu, na Mshale itaufikia tena mwisho wa 2030, dadangu akiwa na miaka 47. Ukikosea hapo mbele ya mtu mwenye apu, umeumbuka. Ila usiku ule ulikuwa na zawadi yake. Ilikuwa siku chache kabla ya Novemba 3, Mushtarii inapokuwa upande wa pili kabisa kutoka kwenye jua, kwa hivyo inachomoza magharibi ikiingia na kung'aa usiku kucha. Na tarehe 28 yenyewe mwezi mpevu ulikuwa kando yake, ukapatwa kidogo, kilele chake kikiwa baada ya saa tano usiku. Kiunga inatazama bahari mashariki. Huhitaji darubini wala apu, unageuka tu.

Najua kuna atakayeuliza wazee walisemaje. Swali la haki. Kiunga ni mji wa Waislamu, na kuna watu pale ambao kumwambia mtu nyota imempangia safari ni kosa la dini, si mzaha. Hilo lilinifanya nifikirie vizuri zaidi, na naona limeboresha hotuba. Manahodha wa huku wameishi na nyota miaka yote. Walihesabu siku za mwaka kuanzia Nairuzi wakajua lini kaskazi litaingia, na usiku walishika usukani kwa nyota. Hakuna nahodha aliyesema nyota imeendesha chombo. Nyota ilionyesha upande. Tanga alilitweka mtu, na matanga yakipasuka aliyeshona ni mtu. Ukizitumia nyota namna hiyo, hata mzee anayekunja uso akisikia neno unajimu atakusikiliza mpaka mwisho.

Basi hii ndiyo hotuba. Nimefupisha salamu za mwanzo na nimeacha majina nje, lakini maneno ndiyo hayo.

"Asalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Nimeambiwa nina dakika tatu, na dadangu ananijua, ameshaweka saa.

Dada, wewe umezaliwa 1983. Siku gani hatujui, saa gani mama hakutazama kwa sababu alikuwa na kazi nyingine. Lakini Mushtarii tunajua ilikuwa wapi, na ile pale imechomoza, kando ya mwezi. Tangu uzaliwe imezunguka mara tatu ikarudi nyumbani kwake. Leo sitaiuliza ilikupa nini. Nitaitumia kuhesabu.

Mzunguko wa kwanza, 1995. Una miaka 12. Umepanda mashua alfajiri kwenda Lamu kukaa kwa shangazi ili usome, na begi lako lilikuwa ni kanga ya mama iliyofungwa ncha nne. Mlifika Mkanda maji yamekwisha kupwa. Mkakaa pale mpaka jioni, nawe ukalia, si kwa woga, ulilia kwa sababu uliogopa shule itafungwa kabla hujafika. Mama, ulimwacha aende na nyumba ilikuwa inamhitaji. Hiyo nauli ya kwanza uliilipa wewe.

Mzunguko wa pili, 2007. Una miaka 24. Ulitaka kwenda kaskazini, Kismayu, kwa ndugu za bibi. Januari mwaka ule vita vilifika Ras Kamboni na serikali ikafunga mpaka. Wanaosoma nyota wanasema 2007 ulikuwa mwaka wako wa kusafiri. Basi njia yako ilifungwa mwaka wa kusafiri. Wengine tungekaa. Wewe ulisema kama kaskazini kumefungwa, kusini kuko wazi. Ukapanda boti mpaka Lamu, ukavuka Mokowe, ukapanda basi mpaka Mombasa, ukapita Lunga Lunga, Tanga, Dar, ukapanda meli ukashukia Unguja. Na kabla ya hapo ulishapanga foleni kwenye ofisi moja siku nyingi kuthibitisha kuwa wewe ni wa hapa, ukaulizwa kitambulisho cha baba, ukaulizwa cha babu, ukavipeleka vyote. Ulirudi na kanga za kila mama aliye hapa. Mama fulani ameivaa yake leo, namwona.

Mzunguko wa tatu, 2019. Una miaka 36, una pasipoti, na unapanda ndege kwa mara ya kwanza kwenda Maskati na sanduku la kofia za viua. Uliniambia ulipofika ulimkuta mzee anaongea Kiswahili kama cha hapa, akaishika kofia, akaigeuza ndani nje kutazama kama uzi umefichwa, akanyamaza, kisha akauliza: nani ameshona hii?

Na hapa, dada, nakuomba radhi, nitawainulia glasi watu wawili. Aliyeshona ile kofia yuko hapa, amekaa pale nyuma kama kawaida yake. Amezaliwa 1983. Mushtarii yake ni hiyo hiyo yako. Alishona usiku watoto wakilala, miezi kwa kofia moja, na kila ulipokwenda sokoni Lamu, Mombasa au Maskati, mkono wake ulikuwa umeshafika. Wewe ulibeba, yeye alishona. Tukisema Mushtarii humpeleka mtu mbali, basi yeye amefika Maskati bila kuvuka Faza.

Kwa hivyo, dada, miaka 40 si ya nyota. Nyota ilikuwa inapita. Wewe ulisubiri maji, ulisubiri mpaka, ulisubiri foleni, na kila mara ulikwenda, na kila mara ulirudi. Mungu akupe umri, akupe afya, na 2031 Mushtarii ikiwa kwa Mshale tena, tukukute bado una sanduku mlangoni. Na safari hiyo, kwa idhini ya mwenye nyumba wake, kuwe na tiketi mbili. Waambieni amina, halafu tunywe."

Hapo ndipo palipokuwa na kelele. Huyo wa nyuma alijifunika uso kwa ncha ya buibui akacheka, na mwenye bethdei hakucheka hata kidogo. Alikuwa analia.

Sasa tuifungue, manake si kwamba nina kipaji. Angalia nyota imetajwa mara ngapi: mwanzo inaonyeshwa angani, kila mzunguko inataja mwaka tu, na mwisho inaweka ahadi. Kila mara kitenzi ni cha mtu. Alipanda, akapita, akavipeleka, akashona. Ukiandika yako, isome tena utafute mahali ambapo Mushtarii ndiyo inayotenda, "ilikupa", "ilikufungulia", "ilikubariki", na ujiulize kama kuna binadamu aliyefanya kazi hiyo. Karibu kila mara yupo, na mara nyingi yuko ukumbini akisubiri kusikia.

Jambo la pili ni huo mwaka wa 2007. Nilishauriwa niuruke, eti ni bethdei, mambo ya mpaka na vita yanapoza watu. Mimi naona ungekuwa mwaka wa uongo. Kwenye apu inaandikwa kwamba Mushtarii ikirudi Mshale milango hufunguka. Kwa mtu wa Kiunga mlango ulifungwa mwaka huo huo, na mlango ule si hadithi ya zamani. Mei 2023 serikali ilitangaza kwamba mpaka utafunguliwa kwa awamu, na Kiunga na Ras Kamboni ikapewa siku 90. Julai, baada ya mashambulizi, ikaahirishwa. Watu waliokaa kwenye mikeka pale wana ndugu upande wa pili ambao hawajawaona miaka. Ukisimama mbele yao ukaongea safari bila kuutaja mpaka, watakupigia makofi ya heshima tu. Ukiutaja kwa sentensi mbili, bila siasa ndefu, halafu ukaonyesha mtu wao aliupindaje, wanaelewa unamsifu kwa nini.

Na la tatu, huyo aliyebaki. Hapa ndipo nina ubishi mkubwa na hotuba za bethdei za mtandaoni. Tumezoea kumsifu anayesafiri kana kwamba aliyebaki amekosa kitu. Picha ya uwanja wa ndege inapata mapenzi 500, ya mama anayeshona kofia barazani inapata 12. Lakini muulize yeyote anayetoka miji kama yetu alipata wapi nauli. Kuna aliyemlelea mtoto, kuna aliyechunga mbuzi, kuna aliyeuza samaki akaweka pesa kwenye kopo. Nyota ikikusaidia kuwaona hao, itumie. Darasa zima lina Mushtarii moja, kwa hivyo sifa zigawe kwa darasa zima. Ikikufanya umtoe mmoja awe mteule wa mbingu, iache kwenye simu.

Mwisho ni mambo madogo ya kazi, kwa wenye bethdei karibu. Kama rafiki yako amezaliwa Desemba 1982 au Januari 1984, hakikisha tarehe kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo miezi ya mpakani ambako Mushtarii inaweza kuwa imeshatoka au haijaingia, na ukiwa na makisio tu usitaje buruji. Kama ana chini ya miaka 40, miaka iliyofuata ya Mushtarii kwa Mshale ni 1995, 2007 na 2019. Kwa hivyo mdogo wako aliyemaliza kidato cha nne 2024 yumo kwenye ile ya 2007, na mzunguko wake wa kwanza ulimkuta 2019 akiwa darasani. Usisome hotuba kwenye simu, skrini inakumulika uso na watu wanaona unawatumia ujumbe. Andika miaka mitatu kwenye kikaratasi, basi. Na kabla hujainua glasi, tafuta ukumbini nani alilipa nauli ya kwanza na nani alishona kofia. Ukishawajua hao wawili, hotuba imekwisha kujiandika, na Mushtarii itakungoja nje, juu ya bahari.